Video ya somo ya dakika kumi, wanafunzi wanatoka dakika ya pili. Naomba tuipitie skripti pamoja

Mkufunzi_Tbr

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, nafundisha ufugaji nyuki. Tangu mwaka jana tuna kozi ya mtandaoni kwa wafugaji wa vikundi na vijana waliomaliza kidato cha nne. Kila somo ni video moja isiyozidi dakika kumi. Urefu huo umepangwa kwa kozi nzima, kwa hiyo ushauri wa "ifanye dakika tatu" hauwezi kunisaidia.

Kinachoniumiza ni somo la tano, kutambua asali iliyoiva. Mfugaji asipolielewa hili, anarina sega bichi, asali inachacha kwenye ndoo, na mnunuzi anamrudishia mzigo wote. Nimefungua mchoro wa utazamaji kwenye YouTube Studio. Katika watu 40 walioifungua, kama 23 hivi waliondoka kabla ya dakika ya pili. Waliofika mwisho hawazidi sita. Na kwenye jaribio, swali la "utajuaje sega limeiva", wengi wamejibu "asali inakuwa nyeusi", jambo ambalo nimelikanusha waziwazi kwenye dakika ya nne. Hawakufika huko.

Sauti ni safi, kamera niliazima nzuri, slaidi ziko 19. Naamini tatizo liko kwenye maneno. Skripti inaanza hivi:

"Habari mwanafunzi, karibu tena katika kozi yetu ya ufugaji bora wa nyuki. Katika somo lililopita tulijifunza kuhusu vifaa vya kurinia asali. Leo tutajifunza kuhusu ukomavu wa asali. Malengo ya somo hili ni haya yafuatayo: mosi, mwanafunzi aweze kueleza maana ya asali iliyokomaa, pili, aweze kutaja sifa za asali iliyokomaa, tatu, aweze kubainisha madhara ya kurina asali isiyokomaa, nne, aweze kueleza namna ya kuhifadhi asali. Asali ni kimiminika kitamu kinachotengenezwa na nyuki kutokana na mbochi wa maua..."

Inaendelea hivyo hadi maneno 1,450. Nipeni mawazo, hata makali nitayapokea.

Nzega_Digital

Mkuu, jibu liko wazi. Kuna utafiti mkubwa wa video za kozi za mtandaoni za edX, ubongo wa binadamu unachoka dakika ya sita. Ukizidisha hapo unapoteza muda wako. Na huo huo utafiti unasema walimu wanaoongea haraka ndio wanaotazamwa zaidi. Kwa hiyo ongeza kasi, badilisha picha kila baada ya sekunde tano, weka muziki chini kwa chini. Mimi natengeneza matangazo ya maduka hapa Nzega na ndivyo tunavyowashika watu.

Jembe_la_Kasulu

Mkuu hongera kwa kazi. Mimi nina chaneli ya kilimo cha maharage huku Kasulu, watazamaji wamepanda nilipobadilisha picha ya jalada, nikaweka sura yangu ikiwa imeshangaa na maandishi ya njano. Jaribu hiyo. Halafu nikuulize, lita moja ya asali Tabora mnauza bei gani jumla? Nina mteja Kigoma mjini.

Mkufunzi_Tbr

@Jembe_la_Kasulu asante ndugu. Wangu hawaichagui video kwa jalada, wanaipata kwa kiungo ndani ya kozi, na wote 40 waliifungua. Wanaishia njiani. Habari ya bei njoo faragha nitakupa mtu wa kikundi.

mwl_vielelezo

Mkufunzi, nimekaa na kazi hii ya kuandaa masomo ya video kwa miaka kadhaa, niruhusu niandike kwa kirefu.

Kwanza nimsaidie Nzega. Utafiti anaoutaja ni wa Philip Guo na wenzake, ulitoka mwaka 2014, walipitia mamilioni ya vipindi vya kutazama video kwenye kozi za edX. Ni kweli waliona muda wa kati wa mtu kukaa kwenye video hauvuki dakika sita hata video iwe ndefu kiasi gani, na kwa zile za zaidi ya dakika tisa watu wengi hawakufika nusu. Ila walichohesabu ni muda ambao mtu hajaondoka, kwa watu wenye uhuru wa kuondoka, kwenye video zilizokuwepo wakati huo. Hawakupima ubongo, wala hawakupima nani ameelewa. Dakika sita si ukuta.

Hilo la kasi nalo, maneno kwa dakika ya Kiingereza hayahamishiki kuja kwetu. Sisi neno moja kama "hatukuyarina" limebeba nani, lini, nini na kukanusha. Ukimsomea mfugaji maneno 150 ya Kiswahili kwa dakika umemmiminia habari nyingi kuliko Mmarekani anavyopata kwa maneno hayo hayo 150 ya kwake. Fanya jambo moja usiku huu: chukua ukurasa wa skripti wenye maneno 300, usome kwa sauti kama unamwelekeza mtu aliyekaa mbele yako, pima kwa saa ya simu. Uniletee jibu.

Sasa ufunguzi wako. Usikilize kwa sikio la mfugaji. Sekunde hamsini za kwanza hazimdai chochote. Hakuna swali analopaswa kujibu, na hakuna kitu asichokijua ambacho sasa anataka kukijua. Yale malengo manne ni ya mkaguzi wa mtaala, yaweke kwenye ukurasa wa kozi chini ya video, huko ndiko mahali pake. Mtu anabaki kwenye video akiwa na deni: ameulizwa kitu, amekisia, na hajajua kama amepatia.

Hili limepimwa. Mwaka 2013 Szpunar na wenzake pale Harvard walichukua mhadhara wa video wa dakika 21 wa takwimu, wakaukata vipande vinne. Waliopewa maswali mafupi baada ya kila kipande akili zilitangatanga kidogo kuliko wenzao walioonyeshwa tu maswali pamoja na majibu yake, wakaandika nukuu nyingi zaidi, na mtihani wa mwisho wakafanya vizuri zaidi. Kwa dakika zako kumi, ningeweka swali mwanzoni kabisa, jingine karibu na dakika ya tatu na nusu, jingine karibu na ya saba. Kati ya swali na swali, fundisha jambo moja tu.

Muziki wa chini na picha kila sekunde tano acha. Tangazo la duka halina kitu cha kukumbukwa wiki ijayo, somo linacho.

MzeeKaliua

Wanangu hamjambo. Nimesoma nikaona mnazunguka kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho. Kitendawili! Tega! Mtegaji hasemi jibu. Unakisia, unakosea, mwingine anakisia, anakosea. Kisha anadai mji. "Nipe mji." Unampa Urambo, anakataa, unampa Sikonge, anakula huko, anakunywa, ndipo anakutegulia. Hakuna mtoto aliyewahi kuondoka kabla ya jibu, hata usingizi ukimzidi. Mkufunzi wewe umetegua kabla hujatega.

La pili ni la nyuki. Umeandika watu wanajibu "nyeusi". Si kwamba hawakusikia, ndivyo wanavyoamini tangu utotoni. Wengine wanachovya njiti ya kiberiti kwenye asali, ikiwaka wanasema imeiva. Wengine wanasema asali ikikaa kwenye ndoo itaiva yenyewe kama embe. Hayo ndiyo maneno ya huku porini. Usipoanza na hayo, mtu anakusikiliza huku moyoni anasema huyu wa mjini.

Mkufunzi_Tbr

Shikamoo mzee. Hilo la embe limenikaa, nalisikia kila msimu na sikuwahi kuliandika.

Mwalimu, nimepima. Maneno 300 nimetumia dakika 2 na sekunde 45, yaani kama 109 kwa dakika. Kwa mwendo huo skripti ya maneno 1,450 inahitaji dakika zaidi ya 13. Mimi niliiingiza kwenye kumi. Nimeirudia video yangu na kweli nasoma kama mtu anayefukuzwa, na mwisho wa kila sentensi sauti inazama kwa sababu pumzi imeisha.

Nikitoa muda wa maswali matatu, na muda wa kuonyesha sega bila kuongea, nabaki na dakika nane za maneno. Hiyo ni kama maneno 870. Lazima nikate 580. Nimeanza na asili ya neno asali, aina za nyuki, na historia ya mizinga. Inauma lakini hakuna hata moja linalomsaidia mtu aliyesimama mbele ya mzinga na kisu mkononi.

Hapa ni rasimu mpya ya dakika nne za mwanzo:

> INAONEKANA: Chupa mbili za asali mezani. Moja kifuniko kimevimba, povu limejaa shingoni.
> INASIKIKA: Asali hizi mbili zimerinwa siku moja, msitu mmoja. Hii ni nzima. Hii imechacha, inanuka kama pombe. Mrinaji alikosea wapi? Wa kwanza anasema alirina asali ambayo bado nyeupe, haijawa nyeusi. Wa pili anasema hakuiacha ikae kwenye ndoo iive. Wa tatu anasema aliangalia asali badala ya kuangalia sega. Chagua mmoja.
> INAONEKANA: Namba 1, 2, 3. Kimya, sekunde nane.
> INASIKIKA: Shika jibu lako. Twende msituni.
> INAONEKANA: Mzinga wa viunzi unafunguliwa. Sega linainuliwa. Kamera inasogea hadi vyumba vinaonekana kimoja kimoja.
> INASIKIKA: (kimya kidogo) Angalia sehemu ya juu. Vyumba vimefunikwa kwa nta, huoni asali. Sasa shuka chini. Vyumba viko wazi, asali inameremeta. Mbochi ukiingia mzingani una maji mengi. Nyuki wanaupepea kwa mabawa, maji yanapungua. Yakipungua vya kutosha, wanafunika chumba. Kifuniko hicho cha nta ndicho neno lao: hapa tumemaliza.
> INASIKIKA: Tikisa sega likiwa limelala. Likidondosha kama maji, bado bichi.
> INAONEKANA: Sega jingine, limefunikwa kama nusu.
> INASIKIKA: Hili ungerina leo, au ungelirudisha? Amua.
> INAONEKANA: Kimya, sekunde nane.
> INASIKIKA: Lirudishe. Subiri angalau robo tatu ya sega iwe imefunikwa.

Baadaye naeleza kwa nini: viwango vya kimataifa vya asali vinataka maji yasizidi asilimia 20, na yakizidi hapo hamira zilizomo kwenye asali yenyewe zinapata nafasi ya kuichachua.

MzeeKaliua

Imependeza sana. Ila futa lile la kutikisa! Umesema mzinga wa viunzi. Sega lake limeshikwa juu peke yake, halina fremu pembeni. Ukililaza na kulitikisa litakatika na kuanguka na asali yote na watoto wa nyuki, na nyuki watakumaliza. Kutikisa ni kwa mizinga yenye fremu kamili. Huku kwetu unalishika wima, ukitaka kuona upande wa pili unaligeuza likiwa wima hivyo hivyo.

Mkufunzi_Tbr

Asante sana mzee, nimelifuta. Nililichukua kwenye kijitabu cha mizinga yenye fremu. Badala yake nitaonyesha namna ya kuligeuza sega, kwa sekunde kumi, bila neno.

BintiUjiji

Habari kaka Mkufunzi. Mimi niko Ujiji, nafundisha kina mama kukausha dagaa kwenye vichanja badala ya mchangani. Video zetu hazitazamwi kwenye tovuti, zinasambazwa WhatsApp kwa sababu ya bando. Mmoja anapakua, anawarushia ishirini. Nilisoma mahali hayo mambo ya kuweka ukimya baada ya swali nikajaribu. Ikawa balaa. Sekunde nane za kimya, kina mama walidhani simu imekwama. Wengine walibonyeza mbele, wengine wakafunga wakanipigia kwamba video mbovu.

Nikaja kugundua kosa si swali, ni kwamba picha ilisimama na sauti ilikufa kabisa. Sasa hivi wakati wa kufikiri naacha sauti ya ufukweni, mawimbi na watu wanaongea kwa mbali, na kona ya kioo kuna namba zinazohesabu kutoka nane kurudi chini. Na kabla ya ukimya nasema, "Nakuachia sekunde nane, sema jibu lako kwa sauti." Malalamiko yameisha. Wewe una nyuki, acha mvumo wa mzinga uendelee.

mwl_vielelezo

Dada wa Ujiji ameokoa somo zima, na mimi nilipaswa kulisema hilo. Kaka kama kozi yako iko kwenye Moodle unaweza kutumia H5P, video inajisimamisha yenyewe, swali linatokea juu yake, na haiendelei mpaka mtu ajibu. Lakini hiyo inafanya kazi ndani ya kozi peke yake. Faili likishahamia WhatsApp, maswali yote ya H5P yanabaki nyuma, inasafiri picha na sauti tu. Kwa hiyo andika swali ndani ya skripti kama alivyofanya dada, kisha H5P iwe nyongeza kwa wenye mtandao.

Rasimu yako nina mawili. Usiyaandike maneno ya wale watu watatu kwenye kioo wakati unayasoma. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara amelifanyia kazi hili miaka mingi: kukiwa na picha na sauti, ukirudia maneno yale yale kwa maandishi, jicho linaacha picha linasoma, na linamaliza kabla yako, halafu linakusubiri. Namba 1, 2, 3 kama ulivyoweka zinatosha. Ndiyo maana hata slaidi zako 19 za zamani ziliwachosha. Nina hakika zilikuwa na aya nzima.

La pili: "angalia sehemu ya juu" linatamkwa wakati gani? Kama kamera bado inasogea, mtazamaji hajui juu ni wapi. Andika kwenye skripti: kamera isimame, kidole kioneshe, ndipo neno. Neno likitangulia picha kwa sekunde mbili unamlazimisha mtu kukumbuka maelekezo badala ya kuona.

Nzega_Digital

Nimekubali kuhusu kasi. Lakini hapa nina wasiwasi wa kweli. Mkufunzi anaanza kwa kutaja majibu mawili ya uongo na moja la kweli, halafu hasemi lipi ni kweli hadi baadaye. Tumeona 23 walitoka kabla ya dakika ya pili. Mtu huyo akitoka ameondoka na "isubiri iwe nyeusi" aliyoisikia kwa mkufunzi mwenyewe! Kwenye matangazo hatutaji kamwe uongo kuhusu bidhaa, kwa sababu watu wanakumbuka maneno wanasahau ile "si".

mwl_vielelezo

Hoja nzito. Ushahidi wa upande wa pili ni huu: Derek Muller, kwenye tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008, alilinganisha video za fizikia. Zilizoeleza jambo sahihi moja kwa moja wanafunzi walizisifu kuwa zinaeleweka, wakajiona wanajua, na mtihani haukupanda kwa maana yoyote. Zile ambazo mtu anasema imani potofu kisha inajadiliwa na kuvunjwa, wanafunzi waliona zinachanganya, lakini walijifunza zaidi. Hiki ndicho kilichompata Mkufunzi: alisema ukweli kwa ufasaha, na mwenye imani ya "nyeusi" akasikia kile alichokuja nacho.

Lakini nakubali kwamba yale ni matokeo ya watu walioitazama video yote. Wanaotoka mapema hawamo.

MzeeKaliua

Basi afupishe deni la kwanza. Aivunje "nyeusi" ndani ya dakika ya kwanza na nusu, ile ya ndoo aiache hadi mwishoni. Rangi inatokana na ua, hilo halihitaji maelezo marefu. Weka asali mbili zilizoiva, moja nyeupe moja nyeusi, zote salama. Mtu anaona kwa macho.

Nzega_Digital

Hiyo naikubali nusu. Bado ningemtaka aseme jibu sahihi mapema, "angalia kifuniko cha nta", kisha aanze maswali. Atakayetoka atoke na kitu.

BintiUjiji

Ukishalisema, wa kwangu wanaondoka wote wakijua wamepata. Nimeliona hilo na dagaa.

mwl_vielelezo

Hapa kila mtu anasema kutoka kwa watu wake. Mimi nipo na dada, ila sina cha kumthibitishia Nzega kwa kundi lenye kutoka mapema kiasi hiki.

Mkufunzi_Tbr

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimerekodi upya. Nilifuata la mzee: rangi inavunjwa kwenye dakika 1:20 kwa chupa mbili, ndoo inabaki deni hadi dakika ya saba. Jaribio la ndoo nililiandaa kabla: bakuli mbili za asali ile ile iliyoiva, moja imefunikwa, moja nimeiacha wazi wiki nzima wakati wa mvua. Nimeazima kwa mwenzangu kipimo cha unyevu cha kushika mkononi. Iliyokuwa wazi imeongezeka maji badala ya kupungua, kwa sababu asali inavuta unyevu wa hewani. Mwanafunzi anasoma kipimo mwenyewe kwenye kioo, mimi sisemi namba. Nauliza tu, "Imeiva zaidi au imerudi nyuma?"

Maneno yamekuwa 852. Mvumo wa mzinga unaendelea wakati wote wa kuhesabu.

Kundi jipya ni watu 38. Kabla ya dakika ya pili wametoka kama tisa. Waliofika mwisho ni kama 21. Sitaki kujidai, kwa watu 38 mmoja tu akiondoka mstari unashuka karibu asilimia tatu, na kundi hili si lile la kwanza. Ninachokiamini zaidi ni jaribio: "nyeusi" wamejibu wanne tu.

Kuna mambo mawili sijayaelewa kwenye mchoro. Kwenye dakika ya tatu pamevimba mlima mdogo, maana yake watu wanarudisha nyuma. Halafu dakika ya sita na nusu wanashuka wengi kwa mkupuo, kabla tu ya jaribio la ndoo.

mwl_vielelezo

Hongera. Mlima una maana mbili, wamependa au hawakuona vizuri. Dakika ya tatu kuna nini hasa?

Mkufunzi_Tbr

Ndipo sega linageuzwa na kidole kinaonyesha mpaka wa vilivyofunikwa na vilivyo wazi.

BintiUjiji

Kaka, itazame kwenye simu ndogo, nje, juani. Mimi nimeifungua kiungo ulichonitumia nikiwa sokoni, ule mpaka sikuuona. Nta ya sega lako ni nyeupe na jua la nyuma ni kali, vyote vimekuwa kitu kimoja. Nimerudisha mara tatu.

Mkufunzi_Tbr

Kumbe. Nilihariri kwenye kompyuta chumbani. Nitapiga tena asubuhi mapema jua likiwa pembeni, na sega lijaze kioo chote.

mwl_vielelezo

Na dakika ya sita na nusu nitumie maneno yake.

Mkufunzi_Tbr

Haya hapa: "Kwa hiyo tumeona kwamba asali iliyoiva inatambulika kwa sega lililofunikwa angalau robo tatu, na kwamba rangi haina uhusiano na kuiva. Sasa tuangalie uhifadhi."

MzeeKaliua

Umewaaga mwenyewe. Hiyo ni sauti ya mtu anayefunga kikao, watu wanachukua kofia zao.

mwl_vielelezo

Mzee amemaliza. Muhtasari katikati ya video unasikika kama mwisho. Uondoe, na utoke kwenye sega kuingia kwenye ndoo kwa deni la yule mtu wa pili: "Sega limeiva, umelikata, asali iko ndooni. Yule aliyesema iachwe ndooni iive bado hatujamjibu." Kisha bakuli mbili, moja kwa moja.

Nzega_Digital

Mkufunzi ukirekodi, nifanyie toleo langu pia, lenye jibu mwanzoni. Wape nusu ya kundi lijalo hili, nusu lile. Nitakuja Tabora kukusaidia kuhariri, nauli yangu mwenyewe.

Mkufunzi_Tbr

Njoo. Kundi linaanza tarehe mosi, kwa hiyo tupige picha Jumamosi ya wiki hii, saa moja asubuhi, kabla nyuki hawajachangamka na jua halijapanda. Mzee, kama una nafasi, naomba kidole kinachoonyesha sega kiwe chako.

MzeeKaliua

Nitafika Ijumaa jioni. Mniandalie vazi la kurinia linalonitosha.